Saa Kumi na Moja Jioni Ulikula Nini?

Karibu kila darasa la mazoezi makali lina watu wawili wanaoteseka kwa namna tofauti. Wa kwanza yuko pembeni ya ukumbi ameshika kiuno, anabeua, na kila akilala chini kupiga pushapu anahisi chakula kinarudi kooni. Wa pili hana chochote tumboni. Raundi mbili za mwanzo ameruka kama wenzake, ya tatu mikono inamtetemeka, anaona nyota, anatafuta ukuta wa kuegemea. Ukiwauliza, wa kwanza anaapa kwamba kesho hatatia kitu mdomoni kabla ya kuja, na wa pili anaapa kwamba kesho lazima ale kwanza. Wiki ijayo utawakuta wamebadilishana nafasi.

Katika jimu moja ya Kinondoni nilimsikia kocha akimhoji dada aliyekuwa ameketi sakafuni, taulo kichwani.

"Dada yangu, leo umekula nini?"

"Chipsi mayai tu, kocha."

"Saa ngapi?"

"Kama saa kumi na moja na nusu hivi. Mchana sikupata nafasi, kazi zilinibana."

"Basi umekula chakula cha mchana saa moja kabla ya darasa. Ungekula hizo hizo chipsi saa saba, sasa hivi ungekuwa unaruka na wenzako."

Kocha alikuwa amegusa penyewe. Watu huulizana sana kuhusu nini cha kula kabla ya mazoezi, wakatafuta unga fulani au kinywaji fulani cha kopo, ilhali kwa darasa la dakika 45 au 50 jambo lenye kauli kubwa zaidi ni saa. Uzito wa tumbo na kuishiwa nguvu huonekana kama matatizo mawili yanayopingana. Mara nyingi yana chanzo kimoja: mchana umepita mtupu, kisha njaa ya jioni ikazimwa kwa haraka na chakula kisichokuwa na muda wa kushuka.

Kabla ya kufika kwenye sahani, tuangalie darasa lenyewe linatumia nini. Sakiti, yaani mazoezi ya kuzunguka kituo hadi kituo, ilibuniwa mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na walimu wawili, Morgan na Anderson. Mtindo wa vipindi vifupi vya nguvu zote na mapumziko mafupi ulipata umaarufu baada ya utafiti wa Mjapani Izumi Tabata uliochapishwa mwaka 1996: sekunde 20 za kazi, 10 za kupumzika, mara 7 au 8, na ndani ya dakika 4 mtu amekwisha. Darasa la jioni la mjini leo huchanganya yote mawili. Chukua la dakika 50. Dakika 10 za kupasha mwili joto, 30 za vituo kwa mpango wa sekunde 40 kazi na 20 kupumzika, kisha 10 za kunyoosha viungo. Ukipiga hesabu, kazi kali yenyewe ni dakika 20.

Katika dakika hizo 20 mwili hauna muda wa kuchoma mafuta kwa wingi. Mafuta ni kuni nzuri kwa matembezi ya pole, lakini huwaka taratibu. Ukiruka na kuinua vyuma, misuli hutaka kitu kinachowaka haraka, na hicho ni wanga. Akiba yake huitwa glaikojeni. Mtu mzima anayekula kawaida ana takriban gramu 300 hadi 500 ndani ya misuli yake, na kama 100 nyingine kwenye ini. Darasa letu la dakika 50, kwa mtu wa kilo 65, linaweza kula gramu 60 hadi 90 za wanga kwa makadirio, karibu sawa na ulio katika sahani ya wastani ya wali. Kwa hiyo ukiingia ukumbini na akiba iliyojaa, utatoka ukiwa na sehemu kubwa bado ipo.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mitaani umeazimwa kwa wakimbiaji wa mbio ndefu. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Stockholm, Bergström na Hultman, walitoa vipande vidogo vya nyama ya paja kwa sindano na kupima glaikojeni. Waliona kwamba watu waliokula wanga mwingi kwa siku chache waliweza kuendesha baiskeli kwa muda karibu mara tatu ya waliokula wanga kidogo. Ni kazi kubwa ya kisayansi, na ndiyo iliyoleta desturi ya wakimbiaji kula sahani zilizofurika kabla ya marathoni. Lakini hapo suala lilikuwa uvumilivu wa muda mrefu, na tofauti ilionekana baada ya kazi ndefu. Anayejaza sahani hivyo kwa ajili ya dakika 20 za kuruka anabeba mzigo ambao hataupata muda wa kuutumia.

Sasa, ikiwa akiba haiishi, kwa nini miguu inakufa raundi ya tatu? Hapa kuna jambo ambalo chakula hakiwezi kulitibu. Sekunde za mwanzo za kila kituo misuli hutumia akiba nyingine ndogo sana, kreatini fosfeti, ambayo kwa nguvu zote huisha ndani ya sekunde kama 10. Hujirudisha yenyewe ukipumzika, lakini nusu yake tu huchukua karibu nusu dakika, na kujaa kabisa huchukua dakika kadhaa. Pumziko la sekunde 20 halitoshi. Kila kituo unaanza na akiba pungufu kuliko kilichotangulia, huku asidi inayotokana na kuchoma wanga kwa kasi ikizidi kulundikana. Ndiyo maana mapaja yanawaka moto. Kipimo chake ni rahisi: pumzika dakika tatu au nne kamili, unywe maji matupu, kisha urudi. Ukijikuta una nguvu tena, hukuwa na njaa. Ulianza kwa kasi kubwa kuliko uwezo wako, na dawa ni kupunguza marudio ya raundi ya kwanza.

Kuishiwa kwa sukari kuna sura tofauti. Jasho la baridi, mikono kutetemeka, kichwa chepesi, hasira ya ghafla isiyo na sababu, na kupumzika peke yake hakuondoi hali hiyo kwa haraka. Vidonge vya glukosi, juisi au soda yenye sukari huiondoa ndani ya dakika 10 au 15. Kuna na ya tatu, inayowachanganya wengi: mwili mzito tangu kupasha joto, kabla hata kazi haijaanza, siku baada ya siku. Hiyo nitairudia, kwa kuwa haina uhusiano na mlo wa saa chache zilizopita.

Turudi kwa aliyeshika tumbo. Mtu akiwa ametulia, robo hivi ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwenye tumbo, utumbo na ini. Mazoezi makali yanapoanza, mwili huhamisha damu hiyo kwenda kwenye misuli na ngozi, na ile inayobaki kwa utumbo inaweza kupungua hadi sehemu moja ya tano ya kawaida. Tumbo huzembea. Chakula kilichokuwamo kinakaa palepale, halafu wewe unaruka, unajikunja, unalala kifudifudi na kuinuka tena kwa kasi. Kukimbia kwa kasi ya kawaida hakulifinyi tumbo kwa namna hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kula mandazi mawili akakimbia ufukweni bila shida, lakini mandazi hayo hayo yakamtesa kwenye sakiti.

Vitu viwili hasa hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni: mafuta na nyuzinyuzi. Mlo wa kawaida wa mchanganyiko hutumia saa mbili hadi nne kushuka, na wenye mafuta mengi huzidi hapo. Chipsi mayai, chapati ya kusukumwa kwa mafuta, sambusa na mandazi vina wanga mzuri tu, lakini umefungwa ndani ya mafuta. Hata uji, ambao watu huuona mwepesi kuliko vyote, hutofautiana. Uji wa sembe au mtama mtupu hushuka upesi. Uji wa lishe uliosagwa pamoja na karanga na soya ni mlo kamili, na mlo kamili hutaka muda wake.

Maharage yana hila yao. Mtu anakula wali maharage saa saba mchana, anasubiri saa tano nzima, anaingia darasani saa 12:30 jioni akijua tumbo liko wazi, kisha gesi inamvaa katikati ya kituo cha kujikunja. Analaumu alichokula saa kumi. Kumbe maharage yana aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Hufika utumbo mpana baada ya saa kadhaa, na bakteria wa huko ndipo wanapoanza kazi na kutoa hewa. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea hupunguza sehemu ya sukari hizo. Njia rahisi zaidi ni kuyahamishia usiku siku ya darasa.

Maziwa nayo hayawatendei watu wote sawasawa. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, ilhali jamii nyingi za wafugaji hubaki nao. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba wafugaji wa huku walipata uwezo huo kwa mabadiliko ya jeni yao wenyewe, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo rafiki yako anaweza kunywa bilauri ya maziwa nusu saa kabla ya darasa na kucheka, wakati wewe chai ya maziwa tu inakuungurumisha. Mtindi huwa mwepesi kidogo kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa wakati wa kugandisha.

Sasa tuchukue siku moja na mtu mmoja. Ni mwanamke wa kilo 65, mhasibu katika ofisi ya katikati ya Dar es Salaam. Darasa lake ni saa 12:30 jioni, mara tatu kwa wiki. Anatoka kazini saa 11, anapanda mwendokasi Kivukoni, anashuka Morocco, na akibahatika hakuna foleni ya kuingia ndani ya basi. Lengo lake ni kupungua kidogo, kwa hiyo asubuhi hunywa chai na vitumbua viwili, mchana hula matunda au haji kabisa mgahawani, na jioni njaa inapomzidi hununua chochote kituoni. Akirudi nyumbani saa 2:30 usiku anakula ugali wa kutosha kulipia siku nzima.

Cha kwanza kubadilisha ni mchana. Saa saba anakula mlo wa kweli: wali wa gramu kama 250 uliokwisha kupikwa, ambao ni kama sahani isiyofurika na una takriban gramu 70 za wanga, kipande cha samaki, na mchicha. Maharage hayapo leo. Mlo huu una saa tano na nusu mbele yake. Hata kama samaki amekaangwa, atakuwa ameshashuka. Wanga huo ndio utakaofanya kazi jioni, sehemu kubwa ikiwa imeshahifadhiwa kwenye misuli na ini.

Cha pili ni kitafunwa kati ya saa 10:45 na saa 11:15, kabla hajatoka ofisini au akiwa njiani. Kipimo kinachofaa ni nusu gramu hadi gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo kwake ni gramu 32 hadi 65. Ndizi mbivu mbili za wastani zinampa kama 50. Kiazi kitamu cha kuchemsha kinachozidi ngumi kidogo kinatoa 35 hivi. Ndizi za kisukari, zile ndogo, tatu au nne zinafika hapo hapo. Vipande viwili vya mkate mweupe vilivyopakwa asali navyo vinafaa, na hapa mkate mweupe unaushinda ule wa ngano isiyokobolewa, kinyume na tulivyozoea kuambiwa, kwa sababu nyuzinyuzi zisizokuwamo ndizo ambazo zingekaa tumboni. Ndizi nayo iwe imeiva hasa, ile yenye madoadoa meusi. Ndizi ambayo bado ina ukijani ina wanga ambao sehemu yake hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa na kwenda kuchacha mbele, kama maharage.

Cha tatu, na hapa ndipo wanaotaka kupungua hushtuka, ni kwamba kitafunwa hiki hakiongezwi juu ya chakula cha siku. Kinahamishwa kutoka usiku. Gramu 40 za wanga ni kama kalori 160, ambazo ni tonge la ugali la ukubwa wa ngumi au zaidi kidogo. Tonge hilo linaondoka kwenye sahani ya usiku. Kwa kuwa mchana amekula na jioni amekula, saa 2:30 hafiki nyumbani akiwa na njaa ya kufungua sufuria kabla ya kuvua viatu. Anakula ugali mdogo, mboga, maharage yaliyohamishwa, na gramu 100 za samaki au dagaa wa kutosha kumpa gramu 20 hivi za protini. Kwa uzito wake, kiasi hicho ndicho misuli inachoweza kukitumia vizuri kwa mlo mmoja baada ya darasa.

Tuseme amefuata haya na bado anahisi uzito. Asibadilishe vyote kwa pamoja. Kwanza asogeze kitafunwa nusu saa nyuma. Kama uzito umebaki, apunguze kiasi kwa nusu, ndizi moja badala ya mbili. Kama bado, abadilishe umbo: uji mwepesi au juisi ya matunda iliyochujwa hushuka upesi kuliko kitu cha kutafuna. Kila badiliko alipe madarasa mawili au matatu kabla ya kuhukumu, kwa sababu siku moja mbaya inaweza kuwa ni usingizi tu au joto. Upande wa pili, kama tumbo ni jepesi lakini nguvu zinakatika katikati, aangalie kwanza mchana alikula nini. Mara nyingi kosa liko huko.

Kuna dirisha moja la muda la kuwa mwangalifu nalo. Ukinywa soda au kula pipi nusu saa hadi dakika 45 kabla ya darasa, sukari inapanda, insulini inapanda nayo, na wakati insulini iko juu ndipo misuli inapoanza kufanya kazi na kuvuta sukari kwa nguvu zake. Vitu viwili vinaivuta kwa pamoja. Kwa baadhi ya watu sukari ya damu hushuka chini ya kawaida katika dakika za mwanzo, na wanajihisi wamelegea kabla hata ya kituo cha kwanza. Wengine hawaoni tofauti yoyote, na hali hiyo mara nyingi hujirekebisha yenyewe mazoezi yakiendelea. Ukijijua kuwa wewe ni wa kundi la kwanza, sukari ile saa moja au zaidi kabla, au dakika 5 kabla, wakati mwili umeshaanza kupashwa joto na homoni za mazoezi zinazuia insulini isipande sana. Tende mbili ndogo mlangoni zinatosha.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo sivipendi kwa darasa la jioni, na sababu yangu si sukari peke yake. Gesi yake inajaza tumbo na kukufanya ubeue kila ukijikunja. Kafeini kweli husaidia mazoezi makali, kwa kipimo cha kama miligramu 3 kwa kilo, ambacho kwa mhasibu wetu ni karibu 200, yaani vikombe viwili vya kahawa kali. Lakini kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Aliyeinywa saa 11:30 jioni bado ana nusu yake saa 4:30 usiku, anageukageuka kitandani, na kesho yake anakuja darasani amechoka na kuagiza kopo jingine.

Kuna mchezo mmoja wa mdomo ninaoupenda. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha wanga kisicho na utamu, wakakisukutua na kukitema bila kumeza. Waliendesha kwa kasi zaidi, kwa asilimia kama 3, katika jaribio la saa moja hivi. Hakuna wanga wa maana ulioingia kwenye damu. Vipokezi vya mdomoni ndivyo vilivyouambia ubongo kwamba chakula kinakuja, nao ukalegeza breki. Kwa mtu ambaye tumbo lake halitaki kitu wakati wa darasa, kusukutua juisi kwa sekunde 5 hadi 10 kati ya raundi na kuitema ni jambo la kujaribu. Faida ilionekana zaidi kwa waliokuja na njaa. Aliyekula vizuri asitarajie maajabu.

Maji yana kosa lake la saa vilevile. Kipimo kizuri ni mililita 5 hadi 10 kwa kilo ndani ya saa mbili hadi nne kabla ya darasa, kwa mhasibu wetu mililita 325 hadi 650, anywe taratibu akiwa mezani kwake kazini. Anayekumbuka maji dakika 10 kabla na kuteremsha chupa nzima ya lita moja atayasikia yakichezacheza tumboni kila anaporuka. Ndani ya darasa mafunda yanatosha. Kama unataka kujua jasho lako, jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejifuta na kuvua nguo zilizolowa. Mhasibu alikuwa 65.2 kabla, 64.6 baada, na katikati alikunywa mililita 300. Amepoteza jasho la mililita 900, na upungufu uliobaki ni chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Utendaji huanza kudhurika wazi ukikaribia asilimia 2, kwa hiyo maji yake yanatosha na hahitaji kinywaji cha chumvi. Chumvi ya mchuzi wa usiku itafanya kazi hiyo.

Wanaofanya darasa la saa 11:30 alfajiri wana kazi nyepesi. Usiku kucha ini limetumia sehemu kubwa ya akiba yake kulisha ubongo, lakini misuli haikuguswa. Wanga wa chakula cha usiku bado umo. Wengi wanaweza kufanya dakika 45 bila kula kitu. Wakiona kizunguzungu, nusu ya ndizi au tende mbili tatu na nusu bilauri ya maji dakika 10 kabla zinatosha, na mlo wa kweli uje baada ya kuoga: mkate au viazi vitamu, na mayai mawili pamoja na maziwa au mtindi.

Na wale wa kundi la tatu, walio wazito tangu kupasha joto? Muulize mmoja wao, na mara nyingi atakuambia kwa fahari kwamba ameacha wanga. Hali ugali, hali wali, anakuja darasani Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Wiki ya kwanza mizani ilimfurahisha, kilo moja na nusu ziliondoka. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo akipoteza gramu 300 za akiba anapoteza pia karibu lita moja ya maji, na mizani haijui kutenganisha hayo na mafuta. Wiki ya pili kupasha joto kunamtosha. Glaikojeni iliyotumika hujaa tena kwa muda wa siku nzima au zaidi, na kwa sharti kwamba wanga unaliwa wa kutosha. Yeye anatoa kila jioni na harudishi. Hakuna ndizi ya saa kumi na moja itakayomsaidia huyo. Anahitaji wanga katika kila mlo wa siku ya darasa, na siku ya kupumzika baada ya kila madarasa mawili. Anayetaka kupunguza ugali, aupunguze siku hizo za kupumzika.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi asiige ratiba hii kabla ya kuzungumza na kliniki yake, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kushusha sukari hata saa kadhaa baada ya darasa, akiwa usingizini. Na kwa mwanamke anayekula vizuri, analala vizuri, anapumzika siku zake, na bado anahema kama aliyepanda ghorofa tano wakati wenzake wanapasha joto, hasa ikiwa hedhi yake ni nzito, ningemtuma kupima wingi wa damu kabla ya kumbadilishia kitafunwa. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Kipimo ni cha tone moja la kidoleni, na majibu hutoka siku hiyo hiyo.